Kamera Isiyojikwaa

Magoti ya Fundi yalistaafu kabla yake. Hayakuaga, hayakuandika barua, hayakusubiri keki. Siku moja tu yaligoma katikati ya sebule ya watu, kamera ikiwa mkononi, na mwenye nyumba akadhani Fundi amepiga magoti kuomba radhi.

Kwa miaka kumi na miwili Fundi alikuwa mpiga video wa ofisi ya kupangisha nyumba. Kazi yake ilikuwa kutembea. Alishika gimbali, ule mkono wenye mota tatu unaotuliza kamera, akapita sebuleni, jikoni na roshani, ili mpangaji aone nyumba bila kutoka kitandani. Watu walidhani gimbali ndiyo inayofanya kazi yote. Sivyo. Gimbali inazuia kamera isipinde wala isiyumbe, lakini kupanda na kushuka kwa kila hatua ni shauri la magoti yako. Kwa hiyo Fundi alitembea mwendo wa bata: magoti yamekunjwa, kisigino kikitangulia, unyayo ukifuata polepole, pumzi imebanwa. Nyumba mia tatu na kitu kwa mwendo wa bata. Bata wenyewe wasingekubali.

Basi Bosi alipotangaza kwamba ofisi imepata mashine ya kutengeneza video kwenye kompyuta, Fundi hakulalamika. Wengine walimtazama kwa huruma, kama mtu aliyefiwa. Yeye alivuta kiti, akakaa, akasikia magoti yote mawili yakishusha pumzi.

Mashine ile waliiita Mkwe, kwa kuwa unasema nayo kwa adabu, unaieleza mara mbili, inakubali kila kitu, halafu inafanya inavyopenda. Ukiipa picha ya mwanzo na picha ya mwisho, inajitungia safari ya katikati. Lakini lazima uiandikie prompti, yaani maelezo ya unachotaka, na hapo ndipo Fundi alipogeuka kuwa mwandishi bila kukusudia. Prompti yake alikuwa ameibandika ukutani, juu ya meza, kama cheti:

*Video ya kumtembeza mpangaji ndani ya nyumba. Kamera iko kwenye gimbali, mwendo laini usiokatika, kimo cha kifua cha mtu mzima. Ianzie mlango wa sebule, iingie jikoni, itokee roshani. Mchana kweupe, mwanga safi wa asubuhi. Kuta zisimame wima. Usiongeze watu. Usiongeze samani.*

Ile sentensi ya mwisho iliongezwa baada ya Mkwe kuweka piano katika chumba kimoja cha wanafunzi.

Jumanne hiyo, yapata saa sita mchana, Fundi alikuwa anakunywa chai iliyopoa. Aliisahau saa tatu, akaikumbuka saa nne, na sasa alikuwa anaimalizia kwa heshima tu. Mlango ukafunguliwa. Dalali aliingia akiwa na mwanamke wa miaka kama sitini na minane, aliyevaa sweta lililofungwa vifungo vyote na kukumbatia mkoba kwa mikono miwili.

Dalali alikuwa dada mchangamfu ambaye angeweza kumpangisha samaki ghorofani. "Fundi, simama," alisema. "Una mgeni. Amekataa kuondoka bila kukuona."

"Shikamoo, mama," Fundi alisema, akianza safari ndefu ya kuinuka.

"Marahaba, mwanangu, kaa, kaa. Nasikia magoti yako kutoka hapa." Mwanamke aliketi mwenyewe. "Niite Mwalimu. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na minne, hata mume wangu ananiita hivyo tukigombana. Wewe ndiye uliyepiga ile video ya ghorofa ya nne?"

Fundi alimtazama Dalali. Dalali aliangalia dari.

"Niliitengeneza, ndiyo," Fundi alisema. Neno hilo lilikuwa la kweli, na ukweli wake ulikuwa mwembamba kama uzi.

"Nimekuja kukushukuru. Nimeiangalia mara kumi na tisa. Mume wangu yuko kwenye kiti cha magurudumu mwaka wa pili sasa. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Alipandishwa na vijana wanne akitoka hospitali, na hajashuka tena isipokuwa kwenda kwa daktari. Jua analiona kwenye zulia tu. Saa tano linafika miguuni kwake, saa sita na nusu linaondoka, na yeye analisogelea na kiti chake mpaka linamwishia ukutani." Alisema hayo bila machozi, kama anayeeleza mzunguko wa dunia kwa darasa lililosinzia. "Sasa hiyo nyumba yenu ina lifti. Lifti nilikwenda kuipima mwenyewe, kiti kinaingia. Milango ya ndani mwenye nyumba kanitumia vipimo vya upana, kinapita. Lakini kilichonimaliza ni video yako."

"Video?" Fundi aliuliza.

"Ndiyo. Mimi nilikuwa natafuta mahali pa kujikwaa. Wapigaji wote, kamera ikifika mlango wa kutokea nje, utaona imeruka, imeshtuka, au wamekata. Ya kwako ikatoka jikoni mpaka roshani kama imewekewa magurudumu! Nikamwambia mzee: tazama, pale panapita kiti. Akasema rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena." Alicheka kidogo. "Leo saa tisa natia saini. Halafu nampelekea mwenye nyumba wetu wa sasa barua hii ya kuhama. Ana ndugu yake anasubiri kuingia, ananipigia kila siku. Nikishaitoa mkononi, hairudi."

Alipapasa mkoba. Barua ilikuwa inachungulia, imekunjwa vizuri, kama mtoto wa bweni aliyevaa tayari kwa likizo.

Fundi alitabasamu, kwa kuwa mtu akisifiwa baada ya miaka kumi na miwili ya kutosifiwa, uso unatabasamu wenyewe. Kisha tabasamu likakwama mahali fulani karibu na shavu la kushoto.

*Kamera ikifika mlango wa kutokea nje.*

"Mwalimu," alisema, "nipe dakika tano. Dada, mpe maji."

Aligeukia kompyuta. Nyumba ile hakuwahi kuingia. Hakuna mtu wa ofisi aliyewahi kuingia; mwenye nyumba alikuwa safarini, funguo zimefika asubuhi hiyo hiyo kwa basi, na picha tatu alizituma yeye mwenyewe kutoka kwenye simu yake: sebule, jiko, roshani. Fundi alifungua folda. Mkwe huhifadhi kila alichowahi kutengeneza, hata aibu zake. Palikuwa na video ya kwanza na video ya pili. Iliyotumwa kwa watu ilikuwa ya pili.

Akaifungua ya kwanza.

Sebule, sawa. Kamera ikateleza kupita kochi, mwanga wa dirisha ukafurika, ikakunja kuingia jikoni. Ikaufuata mlango wa roshani. Na pale mlangoni kamera ikainuka. Kidogo tu, kama mtu anayepanda kitu, kisha ikashuka upande wa pili na jua likajaa kioo chote.

Fundi alikumbuka sasa. Alikumbuka vizuri kuliko alivyotaka. Wiki mbili zilizopita alikuwa amekaa hapo hapo, ameuona mruko ule, na damu ikamchemka. Miaka kumi na miwili! Mruko wa mlangoni ndio dhambi kubwa kuliko zote katika kazi yake. Kwa ajili ya kuuzuia mruko huo ndiyo alizika magoti mawili. Na mashine isiyo na goti hata moja inathubutu kumrukia? Hakujiuliza kwa nini imeruka. Alifanya anachofanya fundi yeyote mwenye kiburi cha kazi. Aliongeza mstari kwenye prompti:

*Kamera isiinuke mlangoni. Sakafu iwe sawa kutoka jikoni mpaka nje.*

Mkwe, kwa adabu zake zote, akatii.

Fundi alifungua picha ya jiko iliyotumwa na mwenye nyumba, akaikuza. Chini ya mlango wa roshani, nyuma ya kikapu cha nguo, palikuwa na mstari mweusi. Alipoutazama mara ya kwanza aliuona kama kivuli. Alipoutazama sasa ulikuwa na kimo. Kwenye video ya pili mstari ule umegeuka kijistari cha marumaru, kizuri, kimelala bapa.

Mkwe hakujikwaa bure. Alijikwaa kwa sababu aliona. Na Fundi alimfumba macho.

Alihisi uchovu ukimshukia, si ule wa magoti, bali ule unaokuja mtu anapojua kwamba siku yake imekwisha kuharibika na bado ni saa sita na nusu. Angeweza kunyamaza. Wazo hilo lilikuja, likakaa kwenye kona ya meza, likajipepea. Mama huyu atatia saini, ataondoka, ataleta mume wake, lifti itawapandisha vizuri, milango ya ndani itawapitisha vizuri. Halafu mzee atafika jikoni.

Jua atakuwa analiona kutoka jikoni. Kwenye marumaru, badala ya zulia.

"Mwalimu," Fundi alisema, bado anatazama kioo, "usitie saini kwanza."

Dalali, aliyekuwa anamimina maji, akayamimina mezani.

"Twende tukaione nyumba," Fundi aliendelea. "Funguo zipo. Hiyo video sikuipiga kwa mkono. Mashine ndiyo imeitunga kutokana na picha, na mimi ndiye niliyeiambia isijikwae. Inawezekana pana kitu pale mlangoni nimekifuta."

Jokofu la ofisi likakohoa.

"Umekifuta," Mwalimu alirudia. Sauti hiyo ndiyo iliyoadabisha vizazi vitatu, na Fundi alihisi angeinua mkono kuomba kwenda chooni.

"Fundi, kaka yangu," Dalali alinong'ona kwa sauti iliyofika hadi barabarani, "njoo nje mara moja."

Nje, kwenye ngazi, alimkodolea macho. "Umeamkaje leo? Nyumba imekaa miezi minne! Hata kama pana kizingiti, kizingiti ni kitu gani? Utaweka ubao."

"Labda. Twende tukaone kama ubao unatosha."

"Na kama hautoshi?"

"Basi hautoshi, dada."

"Bosi atakula kichwa chako."

"Atakikuta kimechoka. Akila hatashiba." Fundi alishika ukuta, akashuka ngazi moja, akasimama, akakumbuka kitu. "Bosi yuko wapi?"

"Amekwenda kula. Kwa nini?"

"Nataka kiti chake."

Kiti cha Bosi kilikuwa kitu cha pekee katika ofisi ile. Cheusi, kirefu mgongoni, na magurudumu matano yanayozunguka bila kelele. Viti vingine vyote vilikuwa na gurudumu moja lililokufa. Bosi alikuwa ametangaza katika mkutano kwamba asiyekuwa yeye asikalie, na tangazo hilo lilikuwa limeheshimiwa, isipokuwa kila siku saa sita hadi saa nane.

Walikisukuma mpaka kwenye gari la Dalali, ambalo lilikuwa dogo kiasi kwamba kiti kilipokaa mbele, kikafungwa mkanda, watu wazima watatu walibaki kujadili nani atapanda. Mwalimu alipanda nyuma na gimbali mapajani. Fundi alipanda nyuma na magoti yake kifuani. Dalali aliendesha, akiwa na kiti cha Bosi pembeni yake kimya kama kiongozi anayekwenda kukagua mradi.

"Nimemwachia jirani mzee wangu mpaka saa kumi," Mwalimu alisema njiani. Hakusema zaidi, na hakuna aliyethubutu kumfurahisha.

Ghorofa ya nne ilinukia rangi na vumbi. Sebule ilikuwa kama video. Hilo lilimuuma Fundi zaidi. Kochi lile lile, dirisha lile lile, mwanga safi ule ule alioupendekeza kwa maandishi, ingawa hapa hakuna aliyeuandikia prompti, ulikuwa umejileta. Mwalimu alisimama katikati, akageuka polepole, akitafuta kitu cha kutoamini.

"Ngoja," Fundi alisema. "Msitangulie jikoni."

Alikaa kwenye kiti cha Bosi, akainua miguu kutoka chini, akawasha kamera, akaweka gimbali usawa wa kifua. Kwa kuketi, kimo kikashuka. Ghafla nyumba ikawa nyingine: swichi zilipanda juu, kaunta ikawa ukuta, dirisha la jiko likaanzia kwenye paji la uso. Miaka yote alikuwa akiandika *kimo cha kifua cha mtu mzima*. Hakuwahi kufikiria kwamba mtu mzima anaweza kuwa ameketi.

"Nisukume, dada. Polepole. Usisimame mpaka kiti kisimame chenyewe."

"Mungu wangu, nimesoma chuo ili nisukume wanaume kwenye viti," Dalali alisema, akasukuma.

Kiti kiliteleza sebuleni. Kikapita kochi. Kikakunja kuingia jikoni kwa mzunguko mmoja safi, laini kiasi kwamba Fundi, pamoja na yote, alihisi ile raha ya zamani tumboni. Kikapu cha nguo hakikuwepo tena. Mlango wa roshani ulikuwa wazi, jua limesimama pale likiwangoja. Hatua tatu. Mbili.

Kiti kilisimama. Fundi hakusimama. Aliendelea na safari peke yake, akapita juu ya kizingiti kifua kikitangulia, akatua roshani kwa magoti yote mawili, mkono ulioshika kamera umeinuliwa juu kama mwanafunzi anayejua jibu. Gimbali, kwa uaminifu wake wote, iliishikilia kamera wima muda wote huo. Picha ilitoka nzuri sana.

"Fundi!" Dalali alipiga kelele. "Umekufa?"

"Bado."

"Kiti je?"

"Asante kwa kuniuliza."

Dalali aliziba mdomo. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alijitahidi, akageukia sinki, akafungua bomba bila sababu. Fundi, akiwa bado chini, alianza kucheka pia, kicheko kibovu cha mtu anayeumia. Mwalimu peke yake hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mlangoni, anakipima kizingiti kwa kiganja chake.

Kilikuwa cha zege, kipana, kimepakwa rangi nyeusi, kimejengwa ili mvua ya roshani isiingie jikoni. Kiganja kimoja na vidole vitatu.

Alitoa simu, akapiga kwa video. Uso wa mzee ukajaa kioo, karibu mno, kama kawaida ya wazee, pua na nyusi tu.

"Umeshasaini?" mzee aliuliza.

"Bado. Niko ndani ya nyumba. Pana kizingiti."

Fundi, aliyekwisha kujivuta mpaka ukutani, aliinua mkono. "Shikamoo, mzee wangu. Mimi ndiye niliyetengeneza ile video. Nilikifuta. Nisamehe."

"Marahaba. Kwa nini uko chini?"

"Nimekipima, mzee."

Pua ilisogea, nyusi zikapanda. "Mwalimu, nionyeshe." Akaonyeshwa. "Kimo gani?"

Fundi alikuwa na futi ya chuma kwenye begi. Mpiga video asiye na futi ni mtalii. "Sentimita kumi na sita."

"Mimi nilikuwa seremala," mzee alisema, "ngoja nihesabu. Ubao wa mteremko wa kimo hicho, mke wangu anisukume peke yake bila kunimwaga, unataka karibu mita mbili. Kutoka kizingiti mpaka ile kaunta ni ngapi?"

Fundi alipima. Alipima tena, akitumaini futi imekosea. "Mita moja na sentimita kumi."

"Haitoshi."

"Nitakusukuma hata mteremko ukiwa mkali," Mwalimu alisema haraka. "Bado nina nguvu."

"Unazo. Na siku ukiwa na mafua?" Mzee alisema polepole. "Na upande wa nje pia tutashuka, au huko ni sawa?"

"Huko panashuka zaidi," Fundi alisema.

"Mwenye nyumba anakubali kikatwe?"

Dalali alikuwa amefunga bomba. Alimpigia simu mwenye nyumba hapo hapo, akasema naye kwa utamu wake wote, akasikiliza, akashukuru, akakata. "Anasema mvua ya mwaka jana iliingia mpaka sebuleni kabla hajakijenga. Hakubali."

Basi. Mwalimu aliketi juu ya kizingiti chenyewe, miguu yake nje, jua likamkalia mapajani na kwenye mkoba wenye barua. Aliigeuza simu ili mzee aone: paa za nyumba, kamba za nguo, mwanamke wa ghorofa ya jirani akipiga godoro, anga lote lile bila pazia. Walikaa hivyo kwa muda, yeye na ile pua.

"Ni pazuri," mzee alisema.

"Ni pazuri."

"Rudi nyumbani, Mwalimu. Jirani ananilisha uji."

Mwalimu alikata simu. Alifunga mkoba vizuri, barua ikiwa ndani, akaukandamiza kifuniko mpaka ukalia. Kisha akamtazama Fundi, aliyekuwa anasuguasugua goti.

"Ningekuwa nakusahihisha," alisema, "ningekupa sifuri kwa kufuta na alama nzuri kwa kukiri. Lakini wastani wake si mzuri."

"Najua, Mwalimu."

"Simama, basi. Utaumwa na ubaridi wa sakafu."

Walimsimamisha wote wawili, mmoja kila upande.

Bosi aliwasubiri mlangoni mwa ofisi, wima, kwa kuwa hakuwa na pa kukaa. Alisikiliza habari yote akiwa amekishika kiti chake mgongoni kama mtoto aliyerudishwa salama. Hakula kichwa cha mtu. Alikuwa mtu wa matangazo, si wa hasira, na alitangaza hivi: Fundi aandike prompti upya, kizingiti kiwemo, video ipandishwe kabla ya saa kumi na moja, na mambo yaendelee.

Fundi akaandika. *Mlangoni pana kizingiti cha zege cha sentimita kumi na sita, cheusi. Kionekane wazi.* Mkwe akafikiri, akaleta. Kizingiti kilikuwepo, cheusi, cha kupendeza. Na kamera ilikipanda na kukishuka laini kabisa, kama upepo, kama vile kila mtu duniani ana magoti ya bure.

Aliiangalia mara mbili, akaifuta. Akapandisha ile nyingine, aliyoipiga mwenyewe: kimo cha mtu aliyeketi, mwendo laini wa sebule, mwendo laini wa jiko, kisha kiti kinakwama, anga linapita, sauti ya Dalali inauliza kama amekufa, na roshani nzima mchana kweupe, imetulia wima. Hakukata hata sekunde moja. Chini yake akaandika vipimo.

"Hiyo itatufukuzia watu," Dalali alisema, akichungulia begani kwake.

"Itawafukuza wanaokwama."

"Na wengine?"

"Wengine wataruka, dada. Wana miguu."

Aliegemea kiti chake cha gurudumu lililokufa, akafumba macho. Chai ilikuwa imekauka kikombeni. Saa kumi na moja kasorobo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Mwalimu, wenye alama zote za uandishi mahali pake.

*Tumeiangalia video. Mzee amecheka mpaka jirani akaja, na sijamsikia hivyo tangu hospitali. Anasema pale ulipokwama ndipo na yeye angekwama, kwa hiyo wewe ndiye kamera anayoiamini. Barua bado iko kwenye mkoba. Kama mna nyumba nyingine yenye lifti, usitutumie picha. Nenda na kiti kwanza.*

Fundi aliusoma, akausoma tena. Kwenye orodha ya ofisi palikuwa na nyumba mbili zenye lifti. Moja ilikuwa na jiko baya la kijani na roshani ndogo kama meza, na hakuna aliyeipenda. Aliitazama picha yake chini ya mlango, akaikuza mpaka ikawa vidoti vitupu. Haikumwambia chochote.

"Dada," alisema, macho bado kwenye picha. "Kesho Bosi anakwenda kula saa ngapi?"

"Saa sita, kama kawaida. Kwa nini?" Dalali akamwelewa. "Ah, Fundi. Na magoti je?"

"Magoti yamestaafu," Fundi alisema. "Kesho tunakwenda na kiti."